Mtoto Anayekoroma Kila Usiku

Mzazi anayetaka kujua kama kukoroma kwa mwanawe kuna shida amwangalie saa kumi alfajiri, si saa tatu usiku. Saa tatu mtoto ndiyo kwanza amezama katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na pumzi mara nyingi huenda vizuri hata kama anakoroma. Usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope huku misuli ya mwili ikiwa imelegea kabisa, hujazana zaidi kuelekea alfajiri. Ni katika usingizi huo ambapo koo lililobanwa na nyama hujifunga, wakati nyumba nzima imelala na hakuna wa kushuhudia.

Kinachotafutwa si ukubwa wa sauti. Mtoto anaweza kukoroma hadi chumba cha pili wakalalamika, na hewa ikawa inapita bila taabu. Mwingine ana sauti ndogo tu, lakini kila pumzi anaipigania. Mvue fulana, washa taa hafifu, utazame kifua na tumbo kwa robo saa hivi. Mwenye shida huenda hivi: anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Katika kimya hicho kifua hakijatulia. Tumbo linapanda huku kifua kikibonyea, ngozi ya juu ya kidari na ya katikati ya mbavu inaingia ndani, mtoto anavuta lakini hakuna kinachoingia. Mara anashtuka kwa mkoromo mkali, anahema mara mbili tatu, anageuza shingo, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Kwa mtu mzima, madaktari huhesabu kuwa pumzi imekatika ikiwa imesimama kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtoto hawasubiri muda huo. Zikikosekana pumzi mbili mfululizo huku kifua kikihangaika, hilo ni tukio tayari.

Simu ya mkononi imeleta msaada mkubwa hapa. Dakika mbili tatu za video, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, humwambia daktari mambo ambayo mtoto aliyekaa wima kwenye kiti cha kliniki, macho makavu na anachezea kalamu, hawezi kumwonyesha. Mchana misuli ya koo iko macho na inashikilia njia ya hewa. Ndiyo maana wazazi wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa mtoto hana neno.

Takriban mtoto 1 kati ya 10 hukoroma karibu kila usiku. Wale ambao pumzi zao hukatika kweli ni wachache zaidi, kati ya 1 na 5 hivi katika kila watoto 100. Kazi yote ya mzazi na daktari ni kuwatambua hao wachache miongoni mwa wale wengi, na kwa watoto wengi sababu huwa ni ile ile: tonsesi na adenoidi zilizokua kupita nafasi iliyopo.

Tonsesi, ambazo wengine huziita mafindofindo, ni nyama mbili zilizokaa kushoto na kulia mwa koo, na huonekana mtoto akipanua mdomo. Adenoidi ni nyama ya aina hiyohiyo iliyokaa juu zaidi, nyuma kabisa ya pua, pale njia ya hewa inapokunja kushuka kooni. Haionekani kwa mdomo kwa kuwa kaakaa laini limeifunika, wala haionekani kwa kuchungulia tunduni. Mzazi anayemulika tochi puani, akaona kinyama chekundu na kusema mtoto ana nyama za pua, mara nyingi ameona ukuta wa kawaida wa ndani ya pua, ambao kila binadamu anao na ambao huvimba kwa mafua au mzio. Kuna watoto wameshapakwa dawa za ajabu puani kwa ajili ya kinyama hicho kisicho na kosa.

Nyama hizi si ugonjwa. Ni sehemu ya kinga ya mwili, zimekaa mlangoni pa hewa na chakula ili kutambua vijidudu vinavyoingia. Kwa kuwa mtoto mdogo hukutana na vijidudu vipya karibu kila wiki, hasa akianza chekechea, nyama hizo hukua haraka. Kati ya miaka 2 na 7 hivi huwa kubwa kuliko zinavyostahili kwa koo dogo la umri huo. Baadaye uso na koo hupanuka, adenoidi husinyaa, na mtoto anapokaribia balehe nafasi huwa imepatikana. Kwa maneno mengine, shida hii ina umri wake, na muda peke yake huwatibu wengi. Swali ni kama mtoto huyu mmoja anaweza kusubiri.

Kwa nini nyama kidogo tu ilete shida kubwa? Hewa inapopita katika njia nyembamba, ugumu wa kuivuta hauongezeki pole pole. Kwa hewa inayopita kwa utulivu, njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu huongezeka mara 16. Na koo si bomba gumu. Ukinywa juisi kwa mrija laini uliobanwa mdomoni, kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo kuta zake zinavyogandana. Koo la mtoto aliyelala hufanya vivyo hivyo, kwa sababu misuli iliyokuwa ikilishikilia mchana imelegea na ulimi umerudi nyuma. Mtoto anavuta zaidi kwa sababu hewa haitoshi, na koo linajifunga zaidi kwa sababu anavuta. Ubongo huvunja mzunguko huo kwa kumwamsha kidogo, kiasi cha kukaza misuli tu, bila yeye kujua. Usingizi wake unakatwa vipande vipande namna hiyo usiku kucha.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa awamu. Mwaka 1868, Wilhelm Meyer wa Copenhagen, Denmark, alieleza adenoidi zilizokua baada ya kuzipapasa kwa kidole nyuma ya kaakaa za wagonjwa wake waliokuwa wakizungumza kwa pua iliyoziba na kusikia kwa shida. Mwaka 1889, William Hill wa London aliandika kuhusu watoto walioonekana wazito wa akili shuleni, akihusisha uzito huo na pua na koo zilizoziba. Kisha kukawa kimya kirefu. Nyama zikakatwa kwa mamilioni kwa sababu ya homa za koo, huku suala la usingizi likisahaulika, hadi mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipochapisha taarifa ya watoto 8 ambao pumzi zao zilikatika usingizini.

Mchana, dalili zinapotosha. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia kwenye daladala. Mtoto wa miaka 4 au 5 aghalabu hufanya kinyume chake: hatulii, anaruka huku na kule, analia kwa jambo dogo, darasani anahama kiti hadi kiti. Mwalimu humwita mtundu. Wapo pia wanaosinzia kweli, lakini si wengi. Mwingine alishaacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, akaadhibiwa, kumbe usingizi uliovurugika ndio unaomharibia udhibiti wa mkojo. Jasho la usiku humlowesha mto hata kukiwa na baridi, kwa sababu kupumua kwake ni kazi ya nguvu. Hulala shingo ikiwa imerudi nyuma, au amepiga magoti makalio juu, mikao ambayo mwili umejitafutia wenyewe ili kufungua koo. Kumlaza vizuri kwa kumnyoosha ni kumnyang'anya njia yake.

Halafu kuna masikio. Adenoidi imekaa jirani na mlango wa kijia kinachopeleka hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Kijia kikiziba, maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, bila maumivu wala usaha, na mtoto husikia kama aliyezibwa kwa pamba. Anaongeza sauti ya televisheni, anaitwa mara tatu haitiki, na wengine huchelewa kuzungumza. Huyu naye hupewa jina la mkaidi.

Tumchukue mtoto mmoja wa mfano, wa kiume, miaka 4, wa Dar es Salaam, ili mambo haya yaonekane yakiwa pamoja. Ana kilo 13, wakati watoto wengi wa umri wake wanakaribia kilo 16. Mdomo uko wazi muda wote, midomo imekauka na kupasuka. Analala na bibi yake, na kwa bibi kukoroma ni dalili njema: mtoto kacheza, kachoka, kalala fofofo. Mama amempeleka kituo cha afya mara kadhaa kwa mafua yasiyokwisha na kila mara amerudi na chupa ya antibaotiki. Hatimaye anafika kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa.

"Anakula vizuri, mama?"

"Anakula, daktari, ila sahani moja saa nzima. Nyama hataki kabisa. Uji na ndizi laini ndiyo anamaliza."

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto anayepumua kwa mdomo hana budi kuchagua kati ya kutafuna na kuvuta hewa, na tonsesi kubwa hukwamisha tonge gumu. Anakula kidogo. Usiku anatumia nguvu nyingi kupumua. Juu ya hayo, homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, ule ule unaokatwakatwa. Hivyo uzito unasimama. Baada ya matibabu, kuongezeka uzito ni mojawapo ya mabadiliko ambayo wazazi huyaona mapema.

Daktari anamwambia mtoto aseme "mama". Sauti ya m inahitaji hewa ipite puani, na pua ikiwa imeziba nyuma, m hugeuka kuwa b. Mtoto anasema "baba", na mama anacheka kwa kudhani amekosea. Daktari anashika kioo kidogo cha chuma chini ya pua yake na kutazama ni kiasi gani cha mvuke kinatokea. Anamtazama koo: tonsesi karibu zinagusana. Kisha anapitisha puani kijimpira chembamba chenye kamera, jambo la dakika moja na machozi kidogo, na adenoidi inaonekana imejaza karibu nafasi yote. Pasipo kamera hiyo, picha ya eksirei ya shingo iliyopigwa kwa upande huonyesha kivuli cha nyama na upenyo uliobaki.

Kabla hajafika hapo, nyumbani palishakuwa na mjadala wa kimeo. Bibi alikuwa na mtu anayemjua, mkataji wa siku nyingi, na kwake mtoto anayekohoa usiku, asiyenenepa na mwenye kelele kooni ana kimeo kirefu. Kukata kimeo bado kunafanyika katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, na wanaopeleka watoto si watu wasiowapenda. Wameona dalili za kweli, wamekosea tu mahali zinapotoka. Kimeo kinaonekana, kinaning'inia katikati ya koo palepale macho yanapofika. Adenoidi imejificha juu yake. Kukata kile kinachoonekana hakuongezi hata chembe ya nafasi nyuma ya pua, wala hakupunguzi tonsesi. Kinachobaki ni hatari za kisu: damu inayotiririka kooni kwa mtoto asiyeweza kuitema, pepopunda, usaha shingoni, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI pale wembe mmoja unapotumika kwa watoto kadhaa. Tena kimeo humpa daktari habari muhimu. Kikiwa kimegawanyika ncha mbili, huenda kaakaa lina mpasuko uliofichika chini ya ngozi, na mtoto wa namna hiyo akitolewa adenoidi kwa kawaida anaweza kuanza kutoa maji na uji puani na kupoteza sauti yake. Daktari makini hukitazama kwanza.

Tonsesi kubwa peke yake haitoshi kutoa uamuzi. Madaktari huzipanga kwa ngazi hadi ya 4, ambapo zimeziba zaidi ya robo tatu ya upana wa koo, lakini kuna watoto wa ngazi ya 4 wanaolala salama na wa ngazi ya 2 ambao pumzi zao hukatika vibaya. Kipimo cha uhakika ni kulazwa usiku mmoja katika maabara ya usingizi, mtoto akiwa amebandikwa nyaya za kupima ubongo, kifua, hewa ya puani na oksijeni. Pumzi zikizibwa zaidi ya mara 1 kwa saa, kwa mtoto si kawaida. Zaidi ya mara 10 ni hali kali. Maabara za namna hiyo ni chache sana Afrika Mashariki na gharama yake ni kubwa. Kwa hiyo madaktari wengi wa hapa hutegemea maelezo ya mzazi, video, uchunguzi wa koo, na mara nyingine kifaa kidogo cha kidoleni kinachorekodi oksijeni usiku mzima. Oksijeni ikionekana inashuka kwa makundi, tena na tena, shaka huisha. Isiposhuka, mtoto bado anaweza kuwa na tatizo, na kipimo hicho hakiwezi kumwondoa katika orodha.

Hapo wazazi wengi hutarajia kusikia neno upasuaji, na wengi hulihofia. Ila utafiti mkubwa unaotajwa zaidi katika suala hili hauegemei upande mmoja. Ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013, ukiwa na watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 ambao pumzi zilikatika usingizini. Nusu walitolewa nyama mapema, nusu wakangojea kwa uangalizi. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa 79 kati ya kila 100 waliopasuliwa. Kwa waliongojea, 46 kati ya 100 nao walikuwa wamerudi kawaida bila kisu. Waliopasuliwa walionekana na tabia bora na usingizi bora kwa macho ya wazazi wao, lakini katika mtihani wa umakini ambao watafiti waliupa uzito wa kwanza, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Watoto ambao oksijeni yao ilishuka sana hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa hiyo usitumike kumngojesha mtoto aliye taabani.

Mtoto mwenye dalili za wastani, anayekua vizuri na kusoma vizuri, anaweza kuangaliwa kwa miezi kadhaa. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kwa wiki 6 au zaidi, hupunguza uvimbe wa adenoidi kwa baadhi yao, hasa wenye mzio. Inapulizwa ncha ya chupa ikielekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, vinginevyo pua hutoka damu. Kuondoa vumbi la kapeti, moshi wa jikoni na moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma chumbani huwasaidia wenye pua nyepesi kuudhika. Matone ya kufungua pua yanayouzwa maduka ya dawa ni habari nyingine kabisa: hufungua pua siku mbili tatu, lakini yakitumika kwa wiki nyingi pua huziba zaidi kila yanapoisha nguvu. Na antibaotiki hutibu maambukizi, haziyeyushi nyama. Chupa zile zote alizokunywa mtoto wetu wa mfano zisingeweza kumfungulia pua.

Kwa baadhi ya watoto subira haifai. Mmojawapo ni mwenye selimundu. Watoto hawa mara nyingi huwa na tonsesi na adenoidi kubwa, na oksijeni inaposhuka usiku, chembe zao za damu hujikunja. Usingizi mbaya kwao unaweza kuwa mlango wa maumivu makali na hata kiharusi. Mwingine ni mwenye ugonjwa wa Down, ambaye koo lake ni jembamba na misuli yake milegevu tangu kuzaliwa. Wenye virusi vya UKIMWI nao huweza kukuza adenoidi kupita umri wake. Na mtoto yeyote ambaye pumzi zimekatika kwa muda mrefu bila tiba, shinikizo la damu ndani ya mapafu huweza kupanda hadi upande wa kulia wa moyo ukashindwa kazi. Huyo hufika hospitali miguu imevimba, na familia haikuwahi kuhusisha miguu na mkoromo.

Yapo pia mambo yanayofanana na haya lakini si haya. Tundu moja tu la pua likitoa uchafu unaonuka, mtafute shanga, punje ya hindi au kipande cha sponji aliyojichomeka. Tonsesi ya upande mmoja ikikua kwa wiki chache na kuipita ya pili kwa mbali, daktari aione haraka, kwa kuwa saratani ya tezi huweza kuanza hivyo, na katika nchi zetu za ukanda wa malaria saratani hizo kwa watoto si ngeni.

Mtoto wetu wa miaka 4 hakuwa wa kungoja: haongezeki uzito, video inaonyesha pumzi zikikatika, na oksijeni imeshuka mara nyingi usiku. Anapangiwa upasuaji. Kabla ya siku hiyo, swali linaloulizwa zaidi ni la damu: je, akijigonga au akitoka jino hutokwa damu bila kukoma, na kwenye ukoo kuna mwenye tatizo hilo? Pia akiwa na mafua au kikohozi kipya, siku husogezwa mbele wiki kadhaa, kwani njia ya hewa yenye mafua hukamaa kwa urahisi wakati wa nusukaputi. Wazazi huudhika kwa kurudishwa, hasa wakiwa wametoka mbali, lakini wanaorudishwa wametendewa haki.

Kazi yenyewe huchukua chini ya saa moja, yote kwa njia ya mdomo, bila jeraha usoni wala shingoni. Adenoidi hukwanguliwa au kuchomwa kwa umeme, tonsesi hubanduliwa kutoka kitandani mwake. Watoto chini ya miaka 3, na wale ambao hali ilikuwa kali, hulala hospitali usiku huo chini ya uangalizi, kwa sababu koo lililovimba na mabaki ya dawa ya usingizi huweza kuzuia pumzi katika saa za mwanzo.

Wiki mbili zinazofuata ndizo zinazowatisha wazazi wasioambiwa. Siku ya pili, mahali pa tonsesi huwa na utando mweupe au wa manjano, na mdomo hunuka. Watu huuona utando huo wakakimbilia antibaotiki, wakidhani ni usaha. Ni kigaga cha kooni, sawa na kigaga cha goti ila kimelowa, nacho hubanduka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 10. Maumivu hayapungui kila siku kama inavyotarajiwa. Mara nyingi huongezeka tena siku za katikati ya wiki, na hupanda hadi masikioni ingawa masikio ni mazima. Mtoto apewe parasetamoli kwa saa zake, hata akilala aamshwe siku za mwanzo, na ibuprofeni ikiwa daktari ameridhia. Anywe sana: maji, juisi, uji uliopoa. Koo linalokauka huuma zaidi na hupona kwa shida. Akiweza kula wali au chapati laini, ale. Si lazima aishi kwa aisikrimu.

Kodeini isitumike. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013 kuhusu watoto waliotolewa tonsesi na mwaka 2017 ikaizuia kabisa kwa walio chini ya miaka 12. Baadhi ya watu maini yao huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na watu wa aina hiyo ni wengi zaidi katika baadhi ya jamii za kaskazini na mashariki mwa Afrika. Kwa mtoto ambaye pumzi zake zilishakuwa dhaifu usiku, dozi ya kawaida imewahi kuua. Aspirini nayo iachwe, kwani huongeza damu kutoka.

Hatari kubwa inayobaki ni damu. Yaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, au kigaga kinapobanduka wiki ya kwanza hadi ya pili. Huwapata watoto wachache kati ya 100, lakini mzazi hawezi kujua kama wake yumo, hivyo familia iliyotoka wilaya ya mbali hushauriwa kukaa karibu na hospitali kwa siku hizo. Mtoto aliyelala hatemi damu, huimeza. Akionekana anameza mate mara kwa mara usingizini, au akitapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa, mmulike koo na mwondoke kwenda hospitali usiku huohuo, hata kama damu nyekundu imesimama. Tone moja lililochanganyika na mate siku ya kwanza si hilo linalosemwa hapa.

Mkoromo haupotei usiku wa kwanza. Uvimbe wa kidonda humfanya akorome kwa siku kadhaa, pengine kwa sauti ngeni, na sauti yake ya kuongea hupanda kwa muda. Baada ya wiki 6 hadi 8 hurudi kliniki. Daktari huuliza usiku ukoje, humpima uzito na kumkagua masikio, kwa sababu maji ya nyuma ya ngoma wakati mwingine hubaki na huhitaji tiba yake. Mdomo unaweza kuendelea kuwa wazi kwa mazoea ingawa pua imefunguka. Ukiona anakoroma tena baada ya mwaka au miwili, hasa kama alipasuliwa akiwa mdogo sana, adenoidi inaweza kuwa imeota upya, maana hukwanguliwa na haina ganda la kuitoa nzima kama tonsesi. Au ni mzio, au amenenepa kupita kiasi. Tena ile robo saa ya alfajiri na video ya kifua ndiyo itakayoanza kutofautisha.